Kidonge cha usiku wa kuamkia kung'oa jino: jinsi ya kukitumia, na kwa nini huruhusiwi kurudi nyumbani peke yako

Wiki haipiti bila mtu kutuuliza swali lilelile dirishani: "Dokta amesema nimeze kidonge usiku, halafu nije na mtu. Sasa huyo mtu wa nini, wakati kidonge nilimeza jana?" Ni swali la haki. Ukimeza Panado jana saa 3 usiku, leo asubuhi imeshaisha. Mtu anadhani na hiki kiko hivyohivyo. Hakiko hivyo.

Nitazungumzia diazepamu, ambayo wengi huku wanaiita Valiamu, kwa sababu ndiyo inayoandikwa mara nyingi kwa mtu mzima anayeogopa kiti cha meno. Na ili maelezo yasielee hewani, tumchukulie mama wa miaka 46, mkulima wa viazi wa Kiwira, ambaye gego lake la mwisho la chini limeoza na limekaa vibaya. Amepangiwa kung'olewa Mbeya mjini siku ya Alhamisi saa 3 asubuhi. Mara mbili huko nyuma alifika kliniki, akasikia mlio wa mashine, akaondoka. Safari hii daktari wa meno amemwandikia vidonge viwili vya miligramu 5: kimoja Jumatano usiku, kingine Alhamisi saa mbili kabla ya miadi.

Kidonge kinafanya nini, na hakifanyi nini

Diazepamu hupoza mawasiliano ya neva ubongoni. Hofu inashuka, misuli inalegea, usingizi unakuja. Mtu aliyekuwa akigeuka kitandani mpaka jogoo wa kwanza analala usiku mzima, na akiamka roho haimwendi mbio. Hiyo ndiyo kazi ya kidonge cha usiku.

Maumivu hakiondoi. Sindano ya ganzi iko palepale, na huyu mama asidhani kwamba akishameza hatachomwa. Wala si dawa ya usingizi wa chumba cha upasuaji: atakuwa macho, atasikia akiitwa, atafungua mdomo akiambiwa. Akiwa amelala fofofo kitini ujue kuna kitu kimezidi.

Jambo la tatu ndilo watu hawaambiwi vya kutosha. Kidonge hiki kinazuia ubongo kuweka kumbukumbu mpya. Unaweza kuongea na daktari vizuri kabisa, ukaitikia, ukatoa na tabasamu, na kesho yake usikumbuke neno. Nimewahi kumpa mgonjwa mmoja, mwalimu, maelekezo yote baada ya kung'oa. Akayarudia mbele yangu bila kukosea. Jioni alipiga simu kuuliza maelekezo. Baada ya nusu saa akapiga tena, kwa swali lilelile, hajui kama alishapiga.

Siku kadhaa kabla: yamalize yanayohitaji kichwa

Kwa hiyo kazi ya kwanza ianze kabla kidonge chochote hakijaguswa. Fomu ya kukubali matibabu isainiwe ukiwa na akili zako zote, siku ya kuandikiwa dawa. Ukisainishwa asubuhi ya kung'oa, huku umeshameza, sahihi hiyo ina walakini. Maswali yote uliza siku hiyo. Malipo nayo yapange mapema: kama ni fedha taslimu, kama ni kadi ya bima, kama ni kwa simu. Kuingiza namba ya siri ya simu ukiwa na diazepamu kichwani ni kujitafutia kutuma laki moja kwa mtu usiyemjua.

Siku hiyohiyo mweleze daktari dawa zote unazotumia, hata zile usizopenda zitajwe. Huku Nyanda za Juu Kusini watu wengi wanatumia ARV, na wengi wanaona haya kuzitaja kwa daktari wa meno, kana kwamba hazimhusu. Zinamhusu. Dawa za mstari wa pili zenye ritonaviri, kwa mfano zile zinazoambatana na atazanaviri au lopinaviri, zinachelewesha ini kuivunja diazepamu, na kidonge kidogo kinafanya kazi kama kikubwa. Flukonazo na ketokonazo za fangasi zinafanya hivyo pia, na omeprazo ya vidonda vya tumbo kwa kiasi chake. Usiache dawa yako yoyote ili upate nafasi ya kumeza hiki. Ukishaitaja, daktari atapunguza dozi au atabadilisha mpango.

Kundi jingine ni dawa ambazo zenyewe zinalegeza: tramado, kodeini, Piritoni ya mafua, baadhi ya dawa za kifafa na za sonona. Hizi zikikutana na diazepamu zinajumlishana, na kinachoelemewa mwisho ni upumuaji.

Kisha mwambie kama una mimba au unanyonyesha, kama una ugonjwa wa ini, kama una kifua kibovu cha muda mrefu, kama una ugonjwa wa kulegea misuli, au kama mwenzako wa chumbani analalamika kwamba unakoroma mpaka pumzi inakatika. Yoyote kati ya hayo inaweza kubadilisha uamuzi wote. Mzee wa miaka 70 kwa kawaida anapewa nusu ya dozi ya kijana, na mwili wake unachukua muda mrefu zaidi kuitoa.

Kidonge chenyewe kinunuliwe famasi kwa cheti. Cha kuazima kwa jirani, au kile cha marehemu babu kilichobaki kabatini, usiguse. Hujui ni cha miligramu 2, 5 au 10, na kwa macho vinaweza kufanana.

Jumatano usiku

Yule mama hakulala Kiwira. Alishuka Mbeya Jumatano mchana, akalala kwa mdogo wake Uyole. Huu ni uamuzi mzuri kuliko yote aliyoufanya, na nitaeleza sababu. Angemeza Kiwira saa 3 usiku, asubuhi angelazimika kupanda Koasta akiwa amelegea, apite ukungu na kona za Isongole akiwa amesimama kama gari limejaa, ashuke stendi, atafute bajaji. Mtu anayetoka mbali, iwe Tukuyu kwenda Mbeya au Mafinga kwenda Iringa, alale karibu na kliniki kabla ya kumeza. Kama haiwezekani, basi msindikizaji amchukue tangu nyumbani, asimsubiri kliniki.

Alikula chakula cha jioni saa 1 usiku, wali na maharage, kiasi. Saa 3 alikunywa kidonge kwa maji, akiwa ameshajitayarisha kulala: amekwenda chooni, amevua viatu, nguo za kesho ziko kitini, kadi na cheti viko kwenye mfuko. Kidonge kinaanza kushika ndani ya nusu saa hadi saa nzima. Usimeze kisha ukaenda kuoga kwa maji ya moto uani gizani, au kufuata kuni. Kama choo kiko nje, mtu akusindikize ukiamka usiku. Miguu inakuwa ya mtu mwingine.

Pombe hapana, tangu asubuhi ya Jumatano mpaka Ijumaa usiku. Na hapa niseme wazi, maana kila mtu ana pombe yake ambayo kwake siyo pombe. Bia ni pombe. Kimpumu ni pombe. Komoni ni pombe. Ulanzi, hata ule mtamu uliogemwa asubuhi ambao watu wa Iringa na Njombe wanampa mgeni kama juisi, umeshaanza kuchacha. Kidonge na pombe vikikutana, mtu anaweza kulala na pumzi ikawa ndogo mno, na waliomzunguka wakadhani amelewa tu, wamwache alale.

Kisha kuna jiko la mkaa. Juni na Julai huku baridi si ya mchezo, na watu wanaingiza jiko chumbani, wanafunga dirisha. Moshi wa mkaa ulioiva hauonekani na hewa yake ya sumu haina harufu. Mtu wa kawaida huenda akaamka na kichwa kinachogonga, akajikokota nje. Aliyemeza diazepamu haamki. Usiku huo jiko libaki nje, ongeza blanketi.

Kuna wachache ambao kidonge kinawageuka: badala ya kutulia wanachachamaa, wanalia, wanaongea bila mpangilio, hawataki kukaa. Ikitokea usiku huo, usiongeze kidonge cha pili ukidhani cha kwanza hakijafika. Mkalishe mahali salama, na asubuhi pigeni simu kliniki kabla ya kutoa kidonge kingine.

Hesabu ya kwa nini Alhamisi bado ni siku ya kidonge

Mwili unahitaji, kwa watu wazima wengi, kati ya saa 20 na 50 kupunguza diazepamu ibaki nusu. Kwa mama yetu tuchukue saa 40. Alimeza miligramu 5 Jumatano saa 3 usiku. Alhamisi saa 1 asubuhi, saa kumi baadaye, mwilini mwake bado zipo kama miligramu 4. Anameza cha pili: sasa ana 9. Jioni ya Alhamisi saa 1, wakati yeye mwenyewe anaapa kwamba ameamka kabisa, bado ana kama 7 na nusu. Ijumaa saa 1 asubuhi ana kama 6, yaani zaidi ya kidonge kizima, na hajameza kitu tangu jana. Tena hapo sijahesabu mabaki yake, kwa sababu ini linapoivunja diazepamu linatengeneza kitu kingine ambacho nacho kinalegeza na kinakaa mwilini siku nyingi zaidi.

Mbona basi mtu anajisikia mzima mapema? Kwa sababu baada ya saa chache dawa inahama kutoka kwenye damu na ubongo kwenda kukaa kwenye mafuta ya mwili. Usingizi unapungua, lakini wepesi wa kuitikia, kukadiria mwendo wa gari, kushika na kukumbuka, haujarudi wote. Huu ndio mtego wenyewe. Mlevi angalau anayumba na watu wanamwona. Huyu anatembea sawa, anaongea sawa, halafu anakatiza barabara kuu pale Mwanjelwa mbele ya lori la kwenda Tunduma kama vile halipo.

Nani anafaa kuwa msindikizaji

Mtu mzima, asiyelewa, mwenye simu yenye chaji, asiyebeba mtoto mchanga siku hiyo, na anayeweza kukaa na mgonjwa mpaka kesho yake asubuhi. Mtoto wa darasa la saba hafai, hata awe mwerevu vipi. Hawezi kumshika mama yake akianguka.

Bodaboda pia si msindikizaji. Kuna baba alikuja na kijana wa bodaboda, akasema huyu ni kama mwanangu, ndiye atakayenirudisha. Tukaahirisha. Alikasirika, na nauli yake ilimuuma, namwelewa. Lakini abiria wa pikipiki anajishikilia kwa misuli yake mwenyewe, na misuli ndiyo iliyolegezwa. Akisinzia kwenye tuta, dereva hajui mpaka asikie uzito umetoka nyuma. Baada ya kidonge, panda bajaji au teksi, msindikizaji akae upande wa mlango. Daladala ikibidi, mkae wote siti moja, mgonjwa dirishani.

Kliniki nyingi zitakataa kuanza kama hujaja na mtu, na zina haki. Usidanganye kwamba "yuko njiani". Ukiachwa mlangoni baada ya kazi, hakuna wa kukuchukua na hakuna anayeruhusiwa kukuachia.

Alhamisi asubuhi

Kidonge cha pili cha yule mama kilikaa kwa mdogo wake tangu usiku. Hili nalisisitiza: asitunze mgonjwa. Mtu anaamka saa 11, hakumbuki kama alimeza, anameza. Saa 1 anapewa tena. Mdogo wake alimpa saa 1 kamili, akaandika saa kwenye karatasi, wakaenda na karatasi hiyo.

Kifungua kinywa kiwe chepesi, kikombe cha uji na kipande cha mkate, isipokuwa kliniki imesema usile. Dawa za presha zinywewe kama kawaida. Mwenye kisukari afuate alichoelekezwa siku ya kwanza. Nguo iwe ya mikono mipana ili kipimo cha presha kiingie, viatu visiwe vya kisigino.

Ukifika, neno la kwanza liwe: nilimeza kiasi fulani saa fulani. Kama miadi imesogezwa mpaka saa 6, usiongeze kidonge ili "kisishuke". Mwambieni muuguzi, mkae.

Baada ya kung'oa, maelekezo apewe msindikizaji, kwa maneno na kwa karatasi. Mdogo wake aliambiwa hivi: aume pamba kwa nusu saa hivi, kisha wewe uitoe, asilale nayo mdomoni. Ganzi pamoja na usingizi pamoja na pamba kooni ni njia ya kumkaba mtu. Asisukutue leo, asiteme kwa nguvu. Chai ya moto asipewe mpaka mdomo urudi, maana ganzi ya taya la chini inakaa saa kadhaa na mtu anaweza kujing'ata mdomo au kujiunguza asijue. Dawa ya maumivu ni ile iliyoandikwa tu. Tramado ya jirani hapana.

Nyumbani, mpaka Ijumaa

Kwa saa 24 tangu kidonge cha mwisho hakuna kuendesha gari wala pikipiki, kukata kuni, kupika kwenye moto, kubaki peke yake na mtoto mdogo, kusaini karatasi ya shamba au kutuma fedha. Saa 24 ni kiwango cha chini. Akiwa mzee, au bado anasinzia, zinaongezwa.

Alale kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kwa mto. Mchana huo msindikizaji amwite kila baada ya nusu saa hivi. Anatakiwa aamke akiitwa jina, aseme neno linaloeleweka, kisha alale tena. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima, kwa kutazama blanketi likipanda na kushuka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zikiwa chini ya 10, au midomo na kucha vimegeuka rangi kama ya zambarau, au haamki hata ukimtikisa, au anakoroma kwa sauti ya kukwama, mgeuze ubavu, fungua njia ya hewa kwa kuinua kidevu, na mpelekeni hospitali wakati huohuo. Chukueni pakiti ya vidonge na ile karatasi ya saa. Kahawa kali, maji baridi usoni, kumtembeza uani, havisaidii kitu na vinapoteza muda.

Mama wa Kiwira alilala mpaka saa 9 mchana, akanywa uji uliopoa, akalala tena. Saa 1 usiku alitaka kuondoka, akasema viazi vyake viko kwenye magunia na mnunuzi anakuja alfajiri. Mdogo wake alimficha viatu. Ijumaa mchana ndipo walipopanda gari pamoja mpaka Kiwira, na njiani mama akauliza kama jino lilitoka zima au lilivunjika. Alikuwa ameonyeshwa mwenyewe, alilishika mkononi, na akasema limefanana na mbegu ya parachichi.